Mdogo wangu anataka nimfungie ndani mpaka arosto iishe

*Shikamoo mama. Nina watoto wawili, nauza chapati Mbagala. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27 na huu ni mwaka wake wa sita kwenye unga. Alianza kwa kuvuta kokteli ya unga na bangi, siku hizi anachoma sindano. Kwa siku anatumia kete tano, na jioni humeza vidonge vinne vya Valiamu apate usingizi. Mwaka jana alijaribu kuacha akiwa kwa baba yetu mkubwa. Siku ya tatu akavunja dirisha akatoroka, na ukoo mzima ukasema hana nia. Sasa ameniomba mwenyewe nimfungie chumba cha uani siku kumi, nisifungue hata akilia. Anasema ataacha vyote siku moja. Jirani yangu mmoja ananiambia arosto haiui, mwingine anasema alishuhudia mtu akifa nayo. Nani mkweli? Na kama haiui, mbona wanateseka vile? — Dada mtu, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Majirani zako wanaweza kuwa wakweli wote wawili, na kinachowatofautisha umekitaja wewe mwenyewe kwa kupita tu: vile vidonge vya jioni. Nitavirudia. Kwa leo nakuomba mambo mawili kabla hujasoma zaidi. Usinunue kufuli, na mdogo wako asiache Valiamu ghafla.

Nimekuwa muuguzi kwenye kliniki ya methadoni kwa miaka mingi, na arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, nimeiona ikianza mpaka ikaisha kwa watu wengi. Ili uielewe, tazama kwanza unga, yaani heroini, unafanya nini mwilini. Kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna kijisehemu kidogo kinachotoa kemikali iitwayo noradrenalini. Hiyo ndiyo inayokuamsha, inayoupeleka moyo mbio ukisikia kishindo usiku na kukusimamisha vinyweleo. Heroini inakinyamazisha kijisehemu hicho, ndiyo maana mtu akishachoma anasinzia na kuona dunia imetulia. Lakini mwili haukubali kunyamazishwa kila siku. Siku hadi siku kijisehemu kile kinaongeza nguvu ili kiushinde ule uzito uliokikalia, mpaka unafika wakati mtu anahitaji kete tano ili tu awe sawa kama mimi na wewe.

Umewahi kuona mashua ikienda kwa kusi kali? Mabaharia wote hukaa joshini, upande unakotoka upepo, wanaegemea nje kabisa ili chombo kisipinduke. Upepo ukikatika ghafla, uzito wao wenyewe ndio unaokilaza chombo upande wao. Arosto ndiyo hiyo. Unga umekatika, na nguvu yote ambayo mwili ulijiwekea kwa miaka sita kushindana nao inabaki bila mpinzani. Kila kitu heroini ilichokuwa ikikizuia kinarudi kwa kishindo. Ilikuwa inakausha tumbo, sasa anaharisha. Ilikuwa inakaza mboni za macho zikawa kama punje ya mtama, sasa zinatanuka hata kwenye mwanga. Ilikuwa inaziba maumivu, na sasa hata maumivu madogo ambayo wewe huyasikii yeye anayasikia mifupani.

Sasa tuihesabu kwa mdogo wako. Tuseme kete ya mwisho ameichoma Ijumaa saa 2 usiku.

Usiku huo atalala kama kawaida, na mtadhani mambo ni mepesi. Kuanzia alfajiri ya Jumamosi atapiga miayo mfululizo, ingawa hana usingizi. Machozi yanamtoka bila kulia, kamasi zinachuruzika, jasho linamtoka, na hatulii mahali pamoja. Ndugu wengi hudhani ni mafua. Kwa kadiri siku inavyosonga, wasiwasi unampanda, anakuwa mkali, na ngozi yake inasisimka vinyweleo vikasimama kama kuku aliyenyonyolewa. Kwa usiku huo usingizi msahau.

Jumapili asubuhi zimetimia saa 36, na kuanzia hapo mpaka Jumatatu usiku, saa ya 72, ndipo kilele kilipo. Anatapika na anaharisha. Tumbo linamkata kwa mawimbi. Mgongo na miguu vinamuuma, na miguu hiyo inarusha mateke yenyewe akiwa amelala, hawezi kuizuia. Dakika hii anatetemeka kwa baridi na kujifunika blanketi, dakika ijayo analitupa kwa joto. Moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Hajalala siku mbili. Juu ya hayo yote kuna kitu ambacho mtu asiyetumia ni vigumu kukielewa: anajua kwa hakika kwamba kete moja tu, inayouzwa mitaa miwili kutoka hapo, itayafuta yote ndani ya dakika chache. Mgonjwa wa malaria hana jaribu hilo. Malaria haina dawa ya dakika tano inayouzwa kijiweni, na ndiyo sababu mgonjwa wa malaria havunji dirisha.

Hesabu sasa siku ambayo mdogo wako alitoroka mwaka jana. Siku ya tatu. Alivumilia siku mbili nzima na akaanguka pale pale kilele kilipokuwa. Walivyomsema kwamba hana nia, hapo walimkosea, na ningefurahi kama baba mkubwa angeisikia aya hii ikisomwa.

Kuanzia Jumanne mambo hulegea. Kutapika kunapungua, anaomba uji, anaanza kupata usingizi wa dakika chache chache. Kufikia Ijumaa inayofuata, au siku chache zaidi, mwili umeshatulia kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni usingizi wa shida, uchovu, huzuni na hamu ya unga, na hivyo huendelea kwa wiki kadhaa na kwa wengine miezi.

Ulichouliza hasa ni kwa nini mateso ya namna hiyo hayaui. Heroini inapoua, inaua kwa kuzima pumzi: sehemu ya ubongo inayotukumbusha kupumua inasinzia, mtu anasahau kuvuta hewa. Kwenye arosto mambo ni kinyume. Ubongo umeamka kupita kiasi na pumzi iko wazi kabisa. Moyo unakwenda mbio, lakini moyo wa kijana mwenye afya unaumudu mwendo huo, sawa na mtu anayepanda mlima. Na jambo kubwa zaidi, breki ambayo heroini ilikuwa imeikanyaga si breki ya umeme wa ubongo. Ubongo unaendeshwa kwa umeme mdogo mdogo, na kuna mfumo maalumu unaouzuia usilipuke wote kwa pamoja ukaleta kifafa. Heroini haikuugusa mfumo huo kwa namna ya kuuharibu ikiondoka. Ndiyo maana mtu mwenye arosto tupu, hata awe hoi kiasi gani, akili yake iko timamu. Muulize leo ni siku gani atakwambia. Atabishana nawe, atakutukana, atakupangia uongo wa kumfungulia mlango, na uongo huo utakuwa umepangwa vizuri.

Valiamu ndiyo inayoukalia mfumo ule wa umeme. Pombe pia. Mtu aliyemeza Valiamu kila siku kwa muda mrefu akaziacha ghafla anaweza kupata kifafa, akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, na hiyo inaua. Tena Valiamu hutoka mwilini polepole, kwa hiyo shida yake haiji na arosto ya unga. Inaweza kuchelewa siku kadhaa, hata wiki au zaidi. Mnaona Jumanne anakunywa uji, mnamshukuru Mungu, mnapunguza macho, halafu Alhamisi au Jumamosi anaanguka kifafa ndani ya chumba kilichofungwa kwa nje. Jirani yako aliyeona mtu akifa, mimi sikuwepo, lakini jambo la kwanza ambalo ningemuuliza ni kama marehemu alikuwa akinywa pombe au akimeza vidonge.

Kipimo chake unacho. Akichanganyikiwa asijue yuko wapi, akizungumza na watu wasiokuwepo, akikakamaa na kutoa povu, hiyo si arosto ya unga, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Homa kali nayo si arosto. Arosto inaweza kuupasha mwili joto kidogo, lakini homa ya nyuzi 39 kwa mtu anayejichoma sindano inaweza kuwa malaria, nimonia, au vijidudu vilivyoingia kwenye damu kupitia sindano na kukaa kwenye vali za moyo. Nimewahi kuletewa kijana ambaye ndugu walimfunika mablanketi siku nne wakisema ni arosto, na ilikuwa malaria kali.

Sasa na upande wa yule jirani anayesema arosto haiui nauwekea mipaka. Arosto ya unga peke yake huua mara chache, lakini mara hizo chache zipo, na tunajua zinavyotokea. Marekani kuna watu waliokufa nayo wakiwa mahabusu, wamefungiwa selo, wanatapika na kuharisha siku kadhaa bila mtu wa kuwarudishia maji. Kilichowaua ni ukavu: maji na chumvi vinatoka mwilini, damu inakuwa nzito, figo na moyo vinashindwa. Yaani mtu mzima anakufa kwa kitu ambacho tunamzuia nacho mtoto wa mwaka mmoja kwa pakiti ya ORS. Utaelewa sasa kwa nini nimelikataa kufuli lako. Chumba cha uani kilichofungwa, chakula kikipitishwa dirishani, na dada aliyeahidi kutofungua hata akisikia kilio, ndiyo mazingira yale yale ya selo, ingawa wewe unayaandaa kwa mapenzi.

Kama ikitokea arosto imemkuta nyumbani kabla hamjafika kliniki, kazi yako kubwa ni maji. Changanya pakiti moja ya ORS na lita moja ya maji safi. Ukiikosa, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi. Mpe kikombe kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena kijiko kimoja kimoja, polepole. Angalia mkojo: ukitoka kidogo na wa rangi ya chai kavu, yuko nyuma kwa maji. Akipitisha mchana mzima bila kukojoa, au akisimama anazirai, au haweki hata kijiko tumboni, anahitaji dripu, msisubiri. Dawa za kuzuia kuhara, za kutapika na za maumivu zipo na zinampunguzia sana, ila azitoe mhudumu wa afya. Usikubali kijiwe kimpangie dozi.

Mwanamke mjamzito mwenye arosto hayumo kwenye haya ninayosema, kwa sababu kwake hatari ni mimba kuharibika au uchungu kuanza kabla ya wakati. Huyo hata asijaribu kuacha ghafla. Nalitaja kwa kuwa najua barua hii itasomwa na wengine.

Linaloniuma zaidi kuliko arosto yenyewe ni kile kinachokuja baada yake. Ule uzoefu wa mwili wa kuhimili kete tano unapotea haraka, ndani ya siku chache tu. Mdogo wako akitoka chumbani siku ya kumi, mwili wake umerudi karibu na wa mtu asiyetumia, lakini kumbukumbu yake bado ni ya mtu wa kete tano. Hamu haijaisha, usingizi hajaupata, ana huzuni. Akikutana na mwenzake akachoma kiasi kile kile cha zamani, pumzi inakatika. Mwaka wangu wa pili kazini mama mmoja alinishukuru kwa simu, mwanawe amemaliza siku tisa ndani bila unga. Nilifurahi naye. Sikumwambia habari hii ya mwili kusahau, kwa kuwa sikutaka kumharibia furaha. Siku ya kumi na mbili alimkuta chooni amekufa. Tangu siku hiyo sijaiacha habari hii bila kuisema, hata kwa mtu anayesherehekea.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimkuta wakati wowote anakoroma kwa sauti nzito isiyo yake, mboni zimekuwa ndogo kama punje, midomo imekuwa ya kijivu au bluu na haamki ukimtikisa, huyo amezidisha. Piga kelele watu waje, mpulizie pumzi kama haiji yenyewe, na akipumua mlaze ubavu. Mkimbizeni hospitali, ambako kuna sindano ya naloksoni inayouondoa unga kwenye vipokezi vyake, pale unapojishika kwenye ubongo, kwa dakika chache. Ataamka na arosto kali ya ghafla, atakukasirikia. Msiondoke naye. Naloksoni huisha nguvu kabla ya unga kwisha, na anaweza kuzama tena.

Badala ya chumba cha uani, mpeleke hospitali ya Temeke. Iko karibu nanyi, na ina kliniki ya methadoni. Huduma hiyo hapa nchini ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na hailipiwi. Mara nyingi asasi zinazofanya kazi maskani na waraibu ndizo zinazowaandikisha na kuwaleta, kwa hiyo mkielekezwa kwao kwanza msione mnazungushwa.

Methadoni ni jamii moja na heroini, inakaa kwenye vipokezi vile vile, lakini inaingia polepole na kutoka polepole. Mtu anakunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na saa 24 zinapita bila kilele na bila shimo. Ukirudi kwenye ile mashua, ni kama upepo haujakatika: umebadilika ukawa mwanana na wa kudumu, mabaharia wakapata muda wa kurudi ndani mmoja mmoja. Hataipitia ile Jumapili na Jumatatu kwa ukali ule.

Ila siku za mwanzo zina mtego wake. Dozi ya kwanza ni ndogo, kati ya miligramu 10 na 30, kwa sababu methadoni hujikusanya mwilini siku hadi siku na tukianza na nyingi tutaizima pumzi. Kwa hiyo siku chache za mwanzo bado atapiga miayo na kutoka jasho, ataona dawa haifanyi kazi. Hapo ndipo wengi huongezea kete juu yake, na hapo ndipo tunapowapoteza. Valiamu juu ya methadoni ni hatari hiyo hiyo. Mwambie kwamba dozi itapandishwa taratibu mpaka imshike, na kwamba vile vidonge vya jioni daktari atamshusha navyo kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Siku akitaka kuacha methadoni yenyewe, nayo itashushwa vivyo hivyo. Akiikatisha tu, arosto yake huchelewa siku moja mpaka tatu, si kali kama ya unga, lakini hudumu wiki mbili tatu.

Watu wengine wataniandikia kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Nimeshazika wagonjwa wengi walioacha kwa kufuli na wachache sana waliokuwa wakinywa methadoni yao kila asubuhi. Kwenye hilo sina shaka hata kidogo.

Nendeni asubuhi na mapema, kabla hajachoma, ili mhudumu aione miayo na mboni zake mwenyewe. Wengi huficha vidonge kwa kuogopa kukataliwa, kwa hiyo ingia naye, na akinyamaza wewe ndiye useme: kete tano kwa siku, kwa sindano, na Valiamu nne kila jioni. Nenda na lile karatasi la vidonge, waone ni vya miligramu ngapi.